Learned au learnt? Jinsi ya kujaza mazoezi ya dreamt, spelt na wenzao bila kupoteza alama za bure

Naandika hii manake swali ni lile lile kila siku na nimechoka kulijibu nusu nusu. Mtu kajaza *learnt*, kapigwa mkasi, mwenzake aliyejaza *learned* kapewa tiki. Wiki inayofuata kwenye kitabu kingine mambo yanageuka, *learned* ndo inakatwa. Sasa anauliza, hivi lipi ndo lenyewe?

Yote mawili ndo yenyewe. *Learned* na *learnt*, *dreamed* na *dreamt*, *spelled* na *spelt*, hakuna hata moja ambalo ni Kiingereza kibovu. Shida iko kwenye zoezi, si kwenye neno. Aliyetunga zoezi alikuwa na jibu lake kichwani, mara nyingi jibu moja tu, na kazi yako wewe ni kusoma dalili alizoziacha ujue alikuwa upande gani, halafu ujue zile sehemu chache ambazo kweli hakuna uhuru wa kuchagua. Hizo sehemu chache ndo zinakula alama za watu wengi, kuliko hata huo ubishi wa *learned* na *learnt*.

Kabla hujaanza uwe na hivi

Zoezi zima mbele yako, lile ukurasa wote, sio sentensi moja uliyopigwa picha ukatumiwa. Kama limetoka kitabuni basi na kitabu chenyewe, manake nyuma huwa kuna jedwali la vitenzi visivyofuata kanuni na tutalihitaji. Kamusi inayoweka alama za UK na US kwenye vitenzi. Na hii orodha hapa, ambayo ningekuwa wewe ningeinakili kwa mkono:

*learn, dream, spell, burn, smell, spill, spoil, lean, leap, kneel, dwell*

Kumi na moja. Hivi ndo vitenzi vyenye sura mbili utakavyokutana navyo kwenye mazoezi ya kawaida. Vingine viko lakini sio vya kukunyima usingizi.

Hatua ya 1: Hakikisha kitenzi kipo kwenye orodha

Inaonekana ni kitu kidogo lakini watu wanaanguka hapa kwanza. Mtu akishajua *learnt* ipo anaanza kubandika t kila mahali. Nimeona *earnt* mara nyingi sana na naelewa inakotoka, ukitoa herufi ya kwanza ya *learn* unabaki na *earn*, kwa hiyo mtu anaona ni jambo la haki tu. Kwenye zoezi *earn* ina *earned* peke yake, andika hiyo. *Clean* inafanana na *lean* lakini ni *cleaned*. *Scream* inafanana na *dream* lakini ni *screamed*. *Boil* iko kama *spoil* lakini ni *boiled*.

Na kuna upande wa pili, vitenzi ambavyo vina t tu na havina -ed kabisa. *Mean* ni *meant*, *deal* ni *dealt*, *feel* ni *felt*, *sleep* ni *slept*, *keep* ni *kept*. Hapa ukiandika *meaned* au *dealed* usilalamike kwamba eti mbona *dreamed* inakubalika. Sio kundi moja.

Kwa hiyo kama kitenzi hakipo kwenye ile kumi na moja, hakuna cha kuchagua, nenda kwenye jedwali uandike kilichopo.

Hatua ya 2: Angalia nafasi inataka umbo gani

Kabla ya kufikiria -ed au -t, angalia neno lililo mbele ya nafasi. Kuna *did* au *didn't*? Kuna *to*, *can*, *will*, *must*? Basi kitenzi kinabaki kama kilivyozaliwa. *Did you learn*, sio *did you learnt*. *She didn't dream*, sio *she didn't dreamt*. Hili kosa linatuuma sana sisi manake wazo letu la wakati uliopita liko ndani ya kitenzi chenyewe, "ulijifunza", kwa hiyo mkono unataka kuweka alama ya uliopita kwenye kitenzi hata kama *did* imeshaibeba.

Kama mbele kuna *have, has, had, was, were* basi unataka umbo la tatu. Na hapa naomba tusimame kidogo.

Kuna somo la mtaani linasambazwa, kwamba *learned* ni umbo la pili na *learnt* ni umbo la tatu. Yaani useme *I learned yesterday* lakini *I have learnt*. Nimelikuta kwenye madaftari ya watu wazima kabisa, limepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Si kweli. Kila sura inatosha yenyewe kwa maumbo yote mawili: ni *learn, learned, learned* au ni *learn, learnt, learnt*. Vile vile *dream, dreamed, dreamed* au *dream, dreamt, dreamt*. Nadhani watu wanachanganya na vitenzi kama *show, showed, shown* ambako umbo la pili na la tatu kweli vinatofautiana. Ukichanganya *learned* kwa la pili na *learnt* kwa la tatu kwenye zoezi moja, anayesahihisha ataona mtu asiye na msimamo, na moja kati ya hayo mawili litakatwa.

Hatua ya 3: Tafuta zoezi liko upande gani

Kwa kifupi sana: Marekani wanaandika -ed karibu kote, Uingereza wanatumia zote mbili na hiyo -t kwao ni ya kawaida kabisa. Kwa hiyo tafuta dalili kwenye zoezi lenyewe, na uzitafute kwa mpangilio huu manake hazina uzito sawa.

Kwanza kabisa, je mtunzi mwenyewe kaandika mahali popote kimojawapo cha vile vitenzi kumi na moja? Kwenye maelekezo, kwenye mfano, kwenye sentensi ya jirani. Akiwa kaandika *the milk was spilt* umeshajua, huyu ni mtu wa t. Hii dalili inashinda nyingine zote.

Pili, jedwali la nyuma ya kitabu. Kama linasema *learn – learnt – learnt* bila kutaja *learned*, basi jibu la mwishoni ni *learnt*, hata kama wewe unajua -ed ni sawa. Kama *learn* haimo kabisa kwenye jedwali, hiyo nayo ni habari: mtunzi anaihesabu kuwa ni kitenzi cha kawaida, weka *learned*.

Tatu, tahajia ya maneno mengine. *Colour, centre, travelled* yenye l mbili, hapo ni Uingereza. *Color, center, traveled* yenye l moja, Marekani. Ukiona *gotten* pia ni Marekani. Ila usitegemee *realize* yenye z ukasema tayari ni Marekani, kuna vitabu vingi vya Uingereza vinaandika z vile vile, hiyo dalili imedanganya wengi.

Hakuna dalili yoyote? Andika -ed. Sababu ni ya kibiashara tu: -ed inakubalika pande zote mbili, -t inakubalika upande mmoja zaidi. Isipokuwa *kneel* na *dwell*. Hivi viwili viko kinyume, *knelt* na *dwelt* ndo za kawaida hata Marekani, kwa hiyo kama huna dalili weka t kwa hivyo viwili na -ed kwa vile tisa vilivyobaki.

Hatua ya 4: Angalia kama nafasi ni ya kivumishi

Hapa ndo kuna mtego mtamu. Wakati mwingine nafasi iko mbele ya nomino na kinachotakiwa ni neno la kusifu, sio tendo.

*Burnt* ikiwa kivumishi ina nguvu kila mahali. *Burnt toast*, mkate ulioungua, hata Mmarekani ambaye kwenye tendo angeandika *I burned the toast* akifika kwenye kivumishi mara nyingi anasema *burnt*. Mtoto aliyedekezwa ni *a spoilt child* Uingereza na *a spoiled child* Marekani. Hivyo viko laini laini, ukifuata upande wa zoezi huharibikiwi.

Lakini *learned* ya kivumishi ni kitu kingine kabisa. *A learned man* ni mtu msomi, mtu mwenye elimu nyingi, na inasomwa kwa mapigo mawili, kama "ler-nid". Hii haina mwenzake mwenye t. Hata kitabu kiwe cha Uingereza kiasi gani, hata umeandika *learnt* kwenye sentensi tisa zilizotangulia, hapa unaandika *learned*. Ukiandika *a learnt man* utakuwa unasema kama mtu aliyekaririwa na wenzake.

Hatua ya 5: Kagua herufi

Vitenzi vyenye l mbili vinadondosha moja vikipokea t. *Spell* inakuwa *spelt*, *smell* inakuwa *smelt*, *spill* inakuwa *spilt*, *dwell* inakuwa *dwelt*. Kwenye -ed l zote mbili zinabaki: *spelled, smelled, spilled*. Kwa hiyo *spellt* ni kosa na *speled* ni kosa. *Kneel* inadondosha e moja, *knelt*.

Na tafadhali usiweke vyote kwa pamoja. *Learnted* na *dreamted* nimeziona kwa macho yangu. Ukishaweka t umemaliza.

Kama ni imla, yaani unasikiliza halafu unaandika, basi hakuna cha kuchagua hata kidogo, sikio ndo linaamua. *Dreamed* inasikika "driimd", sauti ndefu. *Dreamt* inasikika "dremt", fupi, ingawa herufi ea haijabadilika. Ndivyo ilivyo kwa *leaped* na *leapt*, inakuwa "lept". Kwa *learned* na *learnt* sauti ya katikati haibadiliki, tofauti iko mwisho tu, d au t, na kwa msomaji wa haraka mbele ya neno linaloanza na t hutasikia kitu. *Learned to* na *learnt to* masikioni ni karibu kitu kimoja. Hapo rudi hatua ya 3.

Tufanye moja pamoja

Hili nimelitunga kwa kufuata aina ya mazoezi ninayoletewa. Kitenzi kiko mwisho wa mstari:

```
1. Last night I ____ about my old teacher. — dream
2. In the dream he ____ my name with two Ls. — spell
3. I have ____ a lot from him. — learn
4. Did he ever ____ to swim? — learn
5. He ____ against the door and laughed. — lean
6. The kitchen smelled of ____ milk. — burn
7. He never ____ much money. — earn
8. He travelled widely and was a very ____ man. — learn
```

Usianze na namba 1. Soma zote kwanza, ndo maana nilisema uwe na ukurasa mzima. Namba 8 kuna *travelled* yenye l mbili, kwa hiyo harufu ya Uingereza ipo, na mtu mwenye haraka ataanza kumwaga t. Lakini tazama namba 6. Mtunzi mwenyewe kaandika *smelled*. Hicho ni kimoja kati ya vile kumi na moja, na yeye kachagua -ed. Kumbe ni mtu wa tahajia ya Uingereza anayependa -ed, na wapo wengi tu. Dalili ya kwanza inashinda ya tatu, twende na -ed.

Namba 1 *dreamed*. Namba 2 *spelled*. Namba 3 kuna *have*, umbo la tatu, *learned*, na usidanganywe na lile somo la mtaani. Namba 4 ina *did*, kwa hiyo *learn* kavu. Namba 5 *leaned*. Namba 6 nafasi iko mbele ya *milk*, ni kivumishi, *burnt*, na hapa huvunji msimamo wako manake sio tendo. Namba 7 *earn* haiko kwenye orodha, *earned*. Namba 8 ni mtu msomi, *learned*, ile ya "ler-nid".

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Futa *smelled* namba 6, weka *smelt*. Ghafla mtunzi ni mtu wa t na majibu yanakuwa *dreamt, spelt, learnt, learn, leant, burnt, earned, learned*. Umeona zilizobadilika ni nne tu? Namba 1, 2, 3 na 5. Namba 4, 6, 7 na 8 hazikutikisika. Hizo nne za pili ndo mtunzi anazipimia watu, hizi nyingine ni mapambo.

Ikigoma

*Kompyuta imekataa learnt.* Mazoezi mengi ya kwenye simu na kompyuta yanalinganisha herufi kwa herufi na jibu lililowekwa. Kama aliyetunga kaweka *learned* tu, chako kitakataliwa hata kama ni sahihi. Jaribu -ed. Ikikubali, tumia -ed kwenye maswali yote yaliyobaki ya seti hiyo usianze kubahatisha upya kila swali. Zikikataliwa zote mbili basi kosa sio hapo, rudi hatua ya 2, kuna *did* au *to* mahali umeiruka.

*Swali la kuchagua lina learned na learnt zote mbili.* Tulia. Kama zote mbili zingefaa kwenye nafasi, swali lingekuwa na majibu mawili, na mtunzi mwenye akili zake hafanyi hivyo. Kwa hiyo ama jibu ni la tatu, kwa mfano nafasi iko baada ya *did* na jibu ni *learn*, ama ni ile *learned* ya msomi ambako *learnt* haiingii. Mara chache sana utakuta swali limetungwa vibaya tu, hapo chagua kwa kufuata upande wa zoezi kisha muulize mwalimu bila kugombana.

*Zoezi linasema rekebisha kosa, na kwenye sentensi kuna dreamt.* Usiiguse haraka. *Dreamt* inatia watu wasiwasi manake inaonekana ngeni, na kweli kupata neno jingine la kawaida la Kiingereza linaloishia na mt ni kazi. Tafuta kosa kwingine kwenye sentensi kwanza. Kama mtunzi kaandika *Yesterday I have dreamt of you*, kosa ni *have* kukaa na *yesterday*, sio *dreamt*. Jibu ni *Yesterday I dreamt of you*.

*Mstari mwekundu chini ya learnt.* Angalia lugha ya programu unayoandikia, pengine imewekwa Kiingereza cha Marekani. Badilisha iwe cha Uingereza uone kama mstari unaondoka. Ila usiuamini mstari hata usipokuwepo, kikagua tahajia kinauliza tu kama neno lipo. Nilishawahi kumkagulia mtu insha nzima isiyo na mstari hata mmoja, ndani kuna *he lent against the wall*. Alisikia "lent" akaandika "lent", ambalo ni neno zuri kabisa, la kuazimisha. Alitaka *leant*, aliegemea. Zinasikika sawasawa, ukiegemea weka a. Kama unajijua huwa unazichanganya andika *leaned* tu uachane nayo.

*Kwenye insha nimeanza na learned nikamalizia na learnt.* Tumia kitafutio cha programu, tafuta *learn*, *dream*, *spell* na wenzao mmoja mmoja, geuza zote upande mmoja. Ukifika kwenye *learned* ya msomi iruke. Ukifika kwenye *burnt* iliyo mbele ya nomino iache pia.

*Wewe ndo mtunzi wa zoezi.* Basi weka sura zote mbili kwenye majibu yako, *learned / learnt*, au toa mfano mmoja juu kabisa unaoonyesha unataka ipi. Utapunguza foleni ya watu wanaokuja kuuliza.